Mtu wa Pili Kutoka Kulia

Mzee Osundwa aliingia studioni Jumatatu saa nne asubuhi, jarida likiwa limekunjwa mara nne ndani ya kiganja chake. Zeituni alimkaribisha kiti, hakuketi. Alilifungua jarida juu ya meza ya kioo, akalinyoosha kwa upande wa mkono, akaweka kidole juu ya uso wake mwenyewe.

"Mama Abu," akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi, "hapa nilikuwa wapi?"

Zeituni alitazama kidole, kisha uso, kisha maneno yaliyokuwa chini ya picha. Maneno hayo aliyaandika yeye: *Kamati ya Umoja wa Wakulima wa Eshirandu baada ya mkutano wa Jumamosi, Januari 10.* Watu saba walisimama mbele ya banda la mabati. Osundwa alikuwa wa pili kutoka kulia, amevaa koti la kijivu, ameshika karatasi iliyokunjwa. Jibu Zeituni alikuwa nalo tangu kidole kilipogusa karatasi.

Pingili lilikuwa jarida la kurasa nne. Lilitoka Alhamisi ya nne ya kila mwezi, nakala mia sita, na lilichukua jina lake kwenye kipande cha muwa kilicho kati ya fundo na fundo. Nakala ziliachwa kwenye mizani ya miwa, msikitini, makanisani na kwenye duka la mbolea, na nyingine ikatumwa kwenye simu za wakulima. Zeituni alikuwa mhariri wake mwaka wa sita sasa. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hadi alipochoka na chaki, akafungua studio sokoni. Eneo lote la Matungu lilimjua kwa kazi mbili: jarida, na picha za matanga.

Picha za matanga ndizo zilizomfundisha ubaya huu, ingawa hakuna aliyeuita ubaya. Mtu akifa, watoto hupigwa picha pamoja kando ya jeneza, na picha hiyo hutundikwa ukutani. Akikosekana mmoja, yuko Qatar, yuko jela, au gari lilimharibikia Kisumu, pengo huwakera watu. Husema pengo lililoachwa hujijaza lenyewe, na halijijazi na mtu aliye hai. Kwa hiyo familia humletea Zeituni picha nyingine ya huyo aliyekosa, naye humkata, humpunguza, humsimamisha mahali pake, na kivuli chake akakilaza upande mmoja na vivuli vya wenzake. Alikuwa amefanya hivyo mara mia na zaidi. Wenye picha walijua, na hakuna aliyedanganywa.

Jarida lilikuwa jambo lingine. Wenye jarida hawakujua.

Alimweleza Osundwa bila kuzunguka. Siku ile alifika bandani mkutano ukiwa umekwisha, akawapiga picha sita waliokuwapo. Jioni mwenyekiti, Bwana Wanzala, akampigia simu. Alimwambia kwamba Osundwa alikuwapo ila ametoka mapema, kwamba kamati ikitoka bila yeye atasema ametengwa, na kwamba yeye Zeituni hakosi picha ya mzee mahali fulani. Alisema kwa upole. Zeituni alitafuta kwenye kompyuta, akapata moja, akamweka, wala haikumchukua dakika kumi na tano. Hakuandika popote kwamba picha ile imeunganishwa.

"Sikutoka mapema," Osundwa alisema. "Sikufika."

Hapo ndipo alipoketi. Akaeleza mengine, na Zeituni akayaandika kwenye daftari moja baada ya jingine kwa tarehe zake. Mkutano ule ulikuwa na ajenda moja: kukodisha shamba la pamoja, ekari arobaini kando ya mto, kwa kampuni ngeni kwa miaka kumi na tano. Familia thelathini na kitu za Upande wa Chini zililima vipande vyao humo tangu enzi za baba zao. Kamati ilikuwa na watu tisa, wawili kati yao hawakuwa wakija mikutanoni tena, na katiba ya Umoja ilitaka saba wawepo ndipo jambo la ardhi lipite. Osundwa ndiye aliyekuwa mjumbe wa Upande wa Chini. Miezi minne alikuwa amewaambia majirani zake kwamba bila yeye hawafiki saba.

Alhamisi jarida likatoka, naye yumo, wa saba.

Ijumaa jirani wa kushoto hakuitikia salamu. Jumamosi mwanamke aliyekuwa akimsaidia mkewe Edah kuchota maji alituma ujumbe kwamba mgongo unamuuma. Jumapili, aliporudi kutoka kanisani, ambako benchi lake lilibaki na yeye na Edah peke yao, alizunguka shamba lake la miwa akakuta majani makavu yamekusanywa kwenye ukingo, mstari mrefu, unaofika kiunoni, upande ule ule unakotoka upepo wa mchana. Aliyatawanya kwa mikono. Leo asubuhi yalikuwa yamerudi.

Zeituni hakuhitaji kuelezwa zaidi. Miwa ya Osundwa, ekari tatu, ilikuwa na miezi kumi na minane na ilikuwa inangoja zamu ya kukatwa. Mvua haikuwa imenyesha tangu kabla ya Krismasi. Nyumba yake na jiko lake vilikuwa hatua thelathini kutoka mstari wa mwisho wa miwa. Na watu wa huku wanajua jambo moja kuhusu moto wa miwa: mwenye shamba hauzimi. Unazimwa na majirani, watu arobaini au hamsini wenye matawi mabichi na mapanga, wanaokuja mbio bila kuitwa. Wasipokuja, mwenye shamba hutoa watoto na ng'ombe, akasimama barabarani kutazama.

"Picha yako imeninyang'anya watu," Osundwa alisema. "Moto nitauogopa baadaye. Kwanza nataka watu wangu."

*

Zeituni hakuomba radhi siku hiyo. Alikuwa na imani kwamba radhi isiyokuwa na ukweli uliokaguliwa ni kelele tu, na ukweli aliokuwa nao ulikuwa nusu. Kwamba aliunganisha picha, alijua. Kwamba Osundwa hakufika mkutanoni, hilo lilikuwa neno la Osundwa, na neno la Wanzala lilikuwa kinyume chake. Alikwisha kuchapisha jambo moja kwa sababu mtu mwenye sauti ya upole alilisema. Hakukusudia kuchapisha la pili kwa njia hiyo hiyo.

Kwanza alifungua faili la picha ya asili ya bandani. Kamera ilikuwa imehifadhi saa: Januari 10, saa saba na dakika nne mchana, watu sita. Kisha akafungua faili la pili, lile alilomkatia Osundwa. Agosti 23, mazishi ya baba mkwe wa Nabwire, mwanamke aliyekuwa msemaji wa wenye vipande kule mtoni. Karatasi iliyokunjwa mkononi mwa Osundwa ilikuwa ratiba ya mazishi.

Halafu akaenda kwa wajumbe wawili kati ya wale sita, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Wa kwanza alisema hakumbuki. Wa pili, mwalimu mstaafu aliyekuwa na presha na hofu ya kila kitu, alimsindikiza hadi njia panda ndipo akasema kwamba Osundwa hakuwapo mwanzo wala mwisho, na kwamba asimtaje jina.

Mwisho akarudi kwa Osundwa. Edah mwenyewe ndiye aliyetoa kadi ya kliniki kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa na mhuri wa Januari 10, Kakamega mjini, na mumewe alikuwa ametia sahihi kama msindikizaji. Edah aliomba kitu kimoja tu: ugonjwa wake usiandikwe. Zeituni alisoma mhuri, akaandika tarehe, akamrudishia kadi bila kuipiga picha.

Jumanne alasiri alikaa kuandika. Aliandika mara nne. Rasimu ya kwanza ilisema *hitilafu ilitokea*, akaifuta, kwa sababu hitilafu haina mikono. Ya pili ilisema *tunasikitika kwa usumbufu wowote*, akaifuta pia, maana usumbufu ulikuwa na jina na ekari tatu. Ya nne ndiyo iliyobaki:

*MASAHIHISHO. Katika toleo la Januari, ukurasa wa kwanza, tulichapisha picha tukasema ni ya kamati ya Umoja baada ya mkutano wa Januari 10. Picha hiyo si picha moja. Ni picha mbili zilizounganishwa kwa kompyuta, na hatukuwaambia wasomaji. Kamera ilipiga wajumbe sita siku hiyo. Mtu wa pili kutoka kulia, Bwana Osundwa Wanyonyi, alikatwa kutoka picha ya Agosti 23 mwaka jana, iliyopigwa mahali pengine. Mhariri amekagua na kuthibitisha kwamba Bwana Osundwa hakuhudhuria mkutano wa Januari 10. Picha iliunganishwa na mhariri, na kosa la kutoiwekea alama ni lake. Anamwomba radhi Bwana Osundwa na wasomaji. Tangu sasa Pingili halitachapisha picha ya kuunganishwa katika habari yoyote. Zeituni Osore, Mhariri.*

Ile picha ya uongo hakutaka kuichapisha tena hata kwa kuipiga mstari, kwa sababu mtu anayepita huona picha, haoni mstari. Badala yake aliweka zile mbili za asili bega kwa bega, kila moja na tarehe yake. Katika ile ya Agosti alimwacha Osundwa peke yake. Wafiwa aliwaondoa pembeni, na chini akaandika wazi: *picha imepunguzwa kingo*.

Wanzala alifika kabla hajazima kompyuta.

Alikuwa mwanamume mnene, msafi, aliyepenya mlangoni kwa ubavu kama anayeogopa kusugua fremu. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza habari za Abu na masomo yake, akasifu joto kana kwamba alilileta yeye. Kisha akasema amesikia kuna karatasi. Zeituni akamgeuzia kioo cha kompyuta, kwa sababu kilichokuwa pale kilikuwa kweli na hakuona haja ya kukificha.

Wanzala alisoma polepole, akarudia sehemu moja. Akashauri. Masahihisho ni jambo jema, alisema, ila yana wakati wake, na toleo la Februari halikuwa mbali. Yangeweza kukaa ukurasa wa nne, penye matangazo ya vifo. Na maneno yalikuwa mengi. Ingetosha kusema kwamba kwa sababu za kiufundi picha haikutoka vizuri.

"Ilitoka vizuri," Zeituni alisema. "Hilo ndilo kosa lake."

Wanzala akacheka kidogo, kwa pua. Kumbukumbu za mkutano zilikwisha kwenda ofisi ya ushirika, akaeleza, na jarida limebanwa nyuma yake kama ushahidi. Karatasi hii ikitoka, wale wa ofisini watauliza saba walikuwa sita kwa nini.

"Uliniambia alikuwapo, mwenyekiti."

"Nilikuambia umweke, Mama Abu. Aliyemweka ni wewe." Aliinuka, akavaa kofia. "Mimi najali amani tu. Wale wa chini wana hasira na mzee wao, na wakati huu wa ukame hasira ni kitu kibaya. Ukiwachanganya tena, litakalompata Osundwa usije ukaniuliza."

Akatoka kwa ubavu, kama alivyoingia. Zeituni alibaki ameshika kipanya. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote habari ya majani makavu, na Wanzala naye hakuyataja. Alitaja ukame tu. Zeituni aliyaandika maneno yake daftarini, neno kwa neno, na saa.

*

Karatasi ilichapwa Mumias Jumatano asubuhi, nakala mia sita, kwa sababu kosa lilitoka nakala mia sita. Zeituni alizipeleka mwenyewe kwa pikipiki kwenye kila mahali jarida lilipoachwa, akazibandika penye jarida lenyewe. Kwenye simu alifuta lile toleo la kwanza alipoweza, akatuma la pili lenye masahihisho ukurasa wa kwanza, akaandika kwamba anayelo la zamani asilisambaze. Nakala moja, yenye barua na faili zote mbili, aliifikisha ofisi ya ushirika, na karani akaigonga mhuri wa kupokelewa. Alipokuwa akirudi nyumbani aliona amefuata nyayo zote za ile picha ila moja, ile ya vichwani mwa watu.

Alhamisi alikwenda kuitafuta hiyo. Nabwire alikuwa akipura maharagwe uani na wanawake wengine watano. Karatasi ya masahihisho ilikuwa pale, chini ya jiwe. Walikuwa wameisoma. Nabwire hakusimama, ila aliendelea kupiga maganda kwa fimbo hata alipoongea.

"Mhariri amekuja. Leo umemleta nani ndani ya mfuko? Mzee Osundwa au kivuli chake?"

Wenzake wakacheka. Zeituni akasalimu, akasubiri, kisha akauliza kama kuna jambo kwenye karatasi ambalo halieleweki.

"Linaeleweka. Juzi ulimweka. Leo umemtoa. Kesho mtu akikupa kuku wawili utamweka tena." Fimbo ikatua. "Mtu anayeweza kuweka anaweza kutoa, Mama Abu. Mimi nitajuaje ipi ndiyo uongo?"

Swali lilikuwa la haki, na Zeituni hakulipinga. Alikuwa na simu yenye picha zote mbili na saa za kamera, lakini vyote hivyo vilikuwa vyake, vimetoka mkononi mwake. Hakuna kitu chake ambacho mwanamke huyu alikuwa na sababu ya kukiamini.

"Usiniamini," alisema. "Ingia nyumbani kwako. Picha ya mazishi ya baba mkwe wako, ile uliyoitundika Agosti. Mtafute Osundwa."

Fimbo ilisimama. Nabwire akajifuta mikono, akaingia ndani. Alirudi na fremu, vumbi lingali kwenye kioo, na mkono wa pili ameshika jarida la Januari. Akaviweka kwenye mkeka. Wale wanawake wakasogea, vichwa vikagusana.

Walilinganisha koti na kola iliyopinda upande wa kushoto. Karatasi iliyokunjwa ilishikwa kwa vidole vile vile, na kwenye fremu, iliyokuwa kubwa zaidi, kipande cha uso wa marehemu kilionekana kwenye ukunjo. Nabwire akachukua jarida akalisogeza karibu na macho. Kipande kile kile kilikuwamo, kidogo kama punje ya mtama.

"Ameshika mazishi ya mkwe wangu," alisema polepole, "mkutanoni kwa Wanzala."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wanawake akasema kwa hiyo mzee wa watu hakufika, na mwingine akasema yeye alikataa kuamini tangu mwanzo, nao wote walijua kwamba si kweli. Nabwire aligeuza fremu kifudifudi.

Zeituni alisema basi kilichobaki ni kimoja: waliokusanya majani makavu kwenye shamba la Osundwa wakayaondoe, leo hii, kabla upepo haujaamua.

"Majani gani?" Nabwire aliuliza.

Zeituni akaeleza. Alieleza mstari, kimo chake, upande wake, jinsi ulivyorudi baada ya kutawanywa. Alipomaliza aliona kwamba wanawake wale hawamtazami yeye. Walikuwa wakitazamana.

"Sisi tulimnyima salamu," Nabwire alisema. "Na maji, na benchi. Hayo tulifanya, na tutayajibu. Lakini moto hatukumpangia. Shamba lake na vipande vyetu vimepakana, Mama Abu. Moto wa huku hauishii kwa mtu mmoja. Nani wa chini atajichomea?"

Ndipo Zeituni alipoliona jambo lilivyokaa. Kabla ya masahihisho, Osundwa akiungua, kila mtu angesema Upande wa Chini umemwadhibu msaliti wake, na msaliti na wenye hasira wangeishia pamoja, mmoja majivuni na wengine korokoroni. Baada ya masahihisho, Osundwa hakuwa msaliti tena. Alikuwa shahidi. Ofisi ya ushirika ingemwita aseme alikuwa wapi Januari 10. Karatasi ya masahihisho ilikuwa imemrudishia watu wake, na wakati huo huo ilikuwa imempa mtu mwingine sababu ya kuharakisha.

Jioni ile watu kumi na wawili walikwenda kwa Osundwa. Salamu zilikuwa ngumu na fupi. Hakuna aliyesema samahani. Mmoja aliuliza hali ya Edah, mwingine akampelekea ndoo mbili za maji. Wakabeba majani yote hadi barabarani, wakafyeka njia ya hatua nne kati ya miwa na nyumba. Giza lilipoingia ulikuwa umebaki kufyekwa ukingo mmoja tu, wa kuelekea barabara ya trekta, wakasema watamalizia kesho baada ya sala na baada ya soko.

*

Moto uliwaka Ijumaa saa nane mchana, kwenye ukingo huo.

Zeituni alikuwa akitoka msikitini alipoona moshi, mweusi chini na wa kahawia juu, umeinama kuelekea nyumba. Alipofika, muwa ulikuwa ukilia ule mlio wake, kama maelfu ya vijiti vinavyovunjwa kwa goti. Kabla ya kutazama moto alitazama watu. Walikuwa wamekuja. Walikuwa zaidi ya sitini, Upande wa Chini wote, jirani wa kushoto mbele kabisa na shati amelifunga puani, na mwanamke wa mgongo mbaya akiburuta tawi la mpera lililomzidi urefu. Nabwire alikuwa juu ya kichuguu akielekeza. Walikata mstari katikati ya shamba, wakiuachia moto ekari moja ili waokoe mbili. Osundwa alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Zeituni alitoa kamera. Alipiga picha thelathini na moja, hakuchagua pembe, na kamera ikaandika saa ya kila moja.

Saa tisa na dakika kumi moto ulikufa kwenye ule mstari na kwenye ile njia iliyofyekwa jana, hatua thelathini kutoka jikoni kwa Edah. Ekari moja na robo ilikuwa imeungua. Miwa iliyoungua haingoji, baada ya siku mbili tatu sukari yake hupotea. Kwa hiyo kabla majivu hayajapoa watu walikuwa wakibishana nani ana panga kali na trekta ya nani itapatikana kesho. Osundwa aliketi chini, uso mweusi, akinywa maji kwenye kata aliyoshikiwa na jirani wa kushoto.

"Mulembe, Mama Abu," alisema, salamu ya amani ya huku. Zeituni aliona imetosha.

Wanzala alifika saa tisa na dakika ishirini. Gari lake lilisimama barabarani, akashuka na viatu safi, akawapa pole mmoja mmoja kwa mkono. Walimpa mikono. Hakuna aliyemtazama usoni. Alipofika kwa Zeituni alisimama kando yake, wote wawili wakitazama majivu, akaongea bila kugeuka.

"Umepiga picha tangu mwanzo?"

"Tangu saa nane na dakika kumi na saba."

"Mimi simo."

"Humo."

"Hata moja?"

"Hata moja, mwenyekiti. Hukuwapo."

Zeituni alitarajia kuombwa amweke pichani. Alikuwa amekwisha kuandaa jibu: kwamba Pingili halijazi mapengo tena, na kwamba picha hii itatoka na waliokuwamo tu. Lakini Wanzala aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea bidhaa akakuta idadi ni kamili.

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Zichapishe hivyo hivyo. Tarehe na saa. Usiongeze mtu, usipunguze mtu. Watu sasa wanaamini sana picha zako."

Akarudi garini. Alipogeuza gari aliliendesha polepole kupita barabara ya trekta, kando ya ukingo pale moto ulipoanzia. Hapo udongo ulikuwa umekanyagwa sana na miguu ya sitini waliokuja kuzima, na hakuna aliyeweza kusema tena nani mwingine alikuwa amepita.

Jumamosi, huku miwa iliyoungua ikikatwa, Zeituni alikaa mbele ya kompyuta na zile picha thelathini na moja. Alizipitia zote, kona kwa kona, akimtafuta mtu asiyetakiwa kuwamo. Hakumpata. Alichagua moja, hakuigusa hata mwanga wake, akaandika chini yake majina aliyoyajua, mstari baada ya mstari. Barua ya ofisi ya ushirika ilikuwa imefika asubuhi hiyo: kumbukumbu za Januari 10 zimerudishwa, na Bwana Osundwa Wanyonyi ameitwa kutoa maelezo Jumatano, saa tatu.

Zilikuwa siku nne hadi Jumatano. Alipiga simu kwa Nabwire, akamsomea barua. Nabwire akasema watalala kwa Osundwa kwa zamu, wanaume sita kila usiku, na kwamba Jumatano watamsindikiza kwa miguu hadi mlangoni pa ofisi, wote.

Zeituni akarudi kwenye picha, akaongeza mstari wa mwisho, kwa sababu ulikuwa kweli na hakuwa na haki ya kuuacha: *Mwenyekiti wa Umoja alifika saa tisa na dakika ishirini, moto ukiwa umezimwa.* Akausoma. Kila neno lilikuwa sahihi, na kila neno lilimtetea Wanzala. Akausoma tena, akatafuta la kurekebisha, asilione.